Malipo Yanachelewea Wapi? Kisa cha Uchambuzi wa Hali katika Mpango Mkakati wa Chama cha Kahawa, Moshi Vijijini

Chama chenyewe ni AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, iliyoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Moshi Vijijini. Kinapokea kahawa ya arabika kutoka kwenye vihamba vya wanachama, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zao, kinaipeleka kukobolewa mjini, kisha inauzwa mnadani. Jina lake silitaji, na tarakimu zake nimezirekebisha kidogo ili kisitambulike, ila uwiano wa tarakimu hizo nimeuacha kama ulivyo kwa sababu kisa chote kimo humo.

Bodi ilikuwa imemaliza rasimu ya Mpango Mkakati wa miaka mitano na ilitaka kuipeleka kwenye mkutano mkuu. Sehemu ya uchambuzi wa hali ilikuwa ukurasa mmoja wenye visanduku vinne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Ilitokana na warsha ya siku moja, ambapo kila mjumbe aliandika mawazo yake kwenye kadi, kadi zikabandikwa ukutani, na katibu akazinakili. Kwenye nguvu waliandika "uzalishaji unapanda", "chama kina historia ndefu" na "wanachama 1,120". Kwenye udhaifu waliandika "ukosefu wa mtaji". Fursa ilikuwa "bei nzuri ya soko la dunia", na vitisho vilikuwa "mabadiliko ya tabianchi" na "kuchelewa kwa malipo kutokana na mfumo wa mnada".

Hakuna sentensi hata moja hapo iliyo ya uongo mtupu. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja iliyoonyesha imetoka kwenye daftari gani, na chama chenye daftari la mapokezi, stakabadhi, hati za mnada na taarifa za ukaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, hakina sababu ya kuandika kwa kukisia. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kuichukua kila kadi na kuiuliza maswali mawili: inathibitishwa na nini, na je, jambo hili liko ndani ya uwezo wa chama au nje yake? Swali la pili ndilo lililobadilisha mpango mzima, lakini la kwanza lilitangulia.

"Uzalishaji unapanda" ilitokana na kulinganisha msimu uliopita na uliotangulia: tani 37, kisha tani 52. Ongezeko la asilimia 40 linapendeza machoni. Lakini mbuni wa arabika hauzai sawasawa kila mwaka. Ukibeba sana msimu mmoja, unatumia nguvu zake kwenye matunda na kubaki na matawi machache mapya ya kuzaa mwakani, hasa pale ambapo mbolea na kupogolea havitoshi. Mwaka mzuri hufuatwa na mwaka hafifu. Ukilinganisha misimu miwili iliyofuatana, unachopima ni zamu hiyo ya mbuni, na mwenendo wa chama haumo. Tulirudi nyuma misimu mitano kwenye daftari la mapokezi tukapata tani 62, 41, 58, 37 na 52. Ukichukua wastani wa kila misimu miwili inayofuatana, ule mzuri na ule hafifu kwa pamoja, unapata tani 51.5, kisha 49.5, kisha 47.5, kisha 44.5. Mstari unashuka bila kukatika. Kadi ya kwanza kwenye kisanduku cha nguvu ikahamia kwenye udhaifu, na ilihamishwa na daftari la chama chenyewe.

Hata hivyo tulijizuia tusiandike "uzalishaji unashuka". Daftari la mapokezi linapima kilo zilizopita kwenye mizani ya chama tu. Haliwezi kukuambia kama kahawa haikuzaliwa, au ilizaliwa ikauzwa pembeni. Sentensi sahihi ni "mapokezi ya chama yanashuka", halafu ndipo uanze kutafuta sababu.

Historia ndefu tuliipitia haraka. Ushirika wa kahawa Kilimanjaro ulianza na chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikaundwa mwaka 1933, kwa hiyo karibu kila chama mlimani kinaweza kuandika kadi hiyo hiyo. Nguvu ni kile ulicho nacho ambacho anayeshindana nawe hana. Tulipouliza historia hiyo imeacha nini mkononi, jibu lilikuwa ghala lenye hati na mtambo wa kumenyea na kuoshea kahawa mbivu, uliofungwa karibu na mto na unaofanya kazi. Hivyo viwili ndivyo vilivyoandikwa.

Idadi ya wanachama ilileta ubishi mkali zaidi. Rejesta ina majina 1,120. Tulipopitia stakabadhi za msimu uliopita, waliofikisha walau kilo moja walikuwa 486, yaani asilimia 43. Mwenyekiti hakufurahi, na hofu yake ilikuwa ya haki: benki huangalia idadi ya wanachama inapopima maombi ya mkopo wa pembejeo. Mzee mmoja wa bodi ndiye aliyemjibu. "Mwenyekiti, benki ikitukopesha kwa majina ya marehemu, watakaolipa ni sisi tulio hai." Baada ya hapo hakuna aliyeendelea kuitetea namba ile.

Wale 634 wengine wako wapi? Bodi iliteua watu 30 kati yao kwa kura, majina yakitolewa kwenye kofia, si kwa kuchagua wanaojulikana au wanaokaa karibu na barabara. Wajumbe wakaenda kihamba kwa kihamba. Kumi na mmoja walikuwa wamefariki au wamehama, na kihamba kiko mikononi mwa mtoto ambaye uanachama haukuwahi kuhamishiwa kwake. Tisa wamekwisha kung'oa kahawa na kupanda migomba mingi zaidi, parachichi, au wamejenga. Kumi bado wana mibuni inayozaa, ila kahawa yao inaenda kwa wanunuzi wa kangomba wanaopita na fedha taslimu jioni. Katika hao kumi, saba walitaja sababu ile ile: chama kinachelewa kulipa.

Sampuli ya watu 30 ni ndogo, na ni lazima isomwe kwa kiasi chake. Theluthi ya 634 ni kama watu 210, lakini kwa sampuli ya ukubwa huo hesabu ya kweli inaweza kuwa popote kati ya mia moja na ushei na mia tatu na ushei. Tuliandika hivyo hivyo kwenye mpango. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba wanachama wenye kahawa wasioileta si wachache, na kwamba ucheleweshaji wa malipo ndiyo sababu iliyotajwa na wengi wao.

Hapo ndipo kadi ya "kuchelewa kwa malipo kutokana na mfumo wa mnada" ilipopata uzito. Ilikuwa kwenye kisanduku cha vitisho, maana yake bodi ilikuwa imekwisha kuamua kwamba kosa liko nje na kwamba chama hakina la kufanya isipokuwa kulalamika. Kila mtu chumbani aliamini hivyo, wakulima nao waliamini hivyo. Lakini hakuna aliyekuwa amepima.

Kupima hakuhitaji utaalamu wa ajabu. Safari ya kahawa ina vituo vinavyojulikana, na kila kituo kinaacha karatasi yenye tarehe. Mkulima anapofikisha kahawa anapewa stakabadhi. Shehena inapotoka ghalani kuna hati ya kusafirishia. Kiwanda cha kukoboa kinatoa taarifa ya matokeo ya kukoboa pamoja na madaraja. Baada ya kahawa kuonjwa na kuingizwa kwenye orodha ya mnada unaosimamiwa na Bodi ya Kahawa, kuna tarehe ya kuuzwa. Mwisho kuna taarifa ya benki inayoonyesha fedha zimeingia lini. Tulichukua shehena zote za msimu uliopita, tukaandika tarehe hizo kwenye safu tano, na kuhesabu siku kati ya safu na safu. Wastani tuliupiga kwa uzito, ili shehena ya tani kumi isihesabiwe sawa na ya tani mbili.

Kutoka mkulima kupokewa kahawa yake hadi fedha kuingia kwenye akaunti ya chama zilipita siku 74. Kati ya hizo, 38 kahawa ilikuwa imelala kwenye ghala la chama. Siku 16 ilikuwa kiwandani, 13 ikisubiri mnada, na 7 ikisubiri mnunuzi kulipa. Zaidi ya nusu ya ucheleweshaji ilitokea chini ya paa la chama kabla kahawa haijaondoka kijijini.

Ushahidi huo ulikuwa unaonekana kwa macho, ila hakuna aliyeuangalia kwa nia hiyo. Karani wa mapokezi ana desturi ya kuandika tarehe kwa chaki kwenye gunia la chini la kila tabaka, ili ajue lipi limetangulia. Tulipoingia ghalani, tabaka la kahawa ya mtambo lilikuwa na chaki ya Agosti wakati sisi tulikuwa Oktoba, na gunia la juu kabisa lilikuwa limepokelewa wiki ile. Nilimuuliza kwa nini ya chini haijaondoka. Akasema, "Hii ni ya mtambo, haichanganywi na ya nyumbani. Lori la tani kumi haliendi nusu, na hizi hazijafika kumi."

Maelezo yake yalifungua jambo lote. Asilimia 30 ya kahawa ya chama humenywa kwenye mtambo ikiwa mbivu, siku ile ile iliyochumwa. Asilimia 70 humenywa nyumbani na wakulima wenyewe, kila mmoja kwa mashine yake ya mkono, kisha huletwa ikiwa kavu. Hizi mbili hazichanganywi, na ni sahihi zisichanganywe. Lakini kwa kuwa chama kilijiwekea utaratibu wa lori kuondoka likiwa limejaa aina moja tu, ile isiyo nyingi ndiyo inayokaa zaidi. Tulipotenganisha hesabu, kahawa ya nyumbani ilisubiri ghalani siku 30 kwa wastani, na ya mtambo siku 56.

Na ya mtambo ndiyo yenye bei. Hapa pia tulitaka ushahidi kabla ya kuandika. Bei ya mnada hupanda na kushuka kwa kufuata soko la Niuyoki, kwa hiyo kulinganisha kahawa iliyouzwa Novemba na iliyouzwa Februari kunaweza kukuonyesha mabadiliko ya soko ukadhani umeona ubora. Tulilinganisha zilizouzwa siku moja, daraja kwa daraja: AA na AA, A na A. Kwa kilo, ya mtambo ilizidi ya nyumbani kwa asilimia 18. Mauzo yanayoweza kulinganishwa hivyo yalikuwa machache, basi namba hiyo ichukuliwe kuwa dalili nzuri, si kipimo cha mwisho. Sababu yake lakini inaeleweka na mwonjaji yeyote: nyumbani kahawa inavundikwa muda usiolingana, maji ya kuoshea ni ya kubahatisha, na gunia moja linakusanya mikono ya familia kumi. Mtambo unamenya siku ile ile na kuosha kwa mpangilio mmoja.

Kwa maneno mengine, mkulima aliyekubali kuleta kahawa mbivu, aliyefanya kile ambacho chama kinamhimiza afanye, ndiye aliyesubiri muda mrefu kuliko wote. Sikushangaa tena kusikia kwamba watu wanakwepa mtambo.

Kadi ilihamishwa. Kwenye vitisho ilibaki sehemu ile tu ambayo kweli iko nje: siku 36 za kiwanda, mnada na malipo ya mnunuzi. Kwenye udhaifu iliingia sentensi mpya: "Kahawa hukaa ghalani siku 38 kwa wastani, na ya mtambo siku 56, kwa sababu ya utaratibu wa kusubiri lori lijae aina moja." Chini yake liliandikwa chanzo: stakabadhi na hati za kusafirishia za msimu husika. "Ukosefu wa mtaji" uliondolewa kabisa. Fedha za chama zilikuwepo, zimelala kwenye magunia. Chama kilikuwa kinakopa ili kutoa malipo ya awali kwa sababu mali yake yenyewe ilikuwa haijaondoka kijijini, na riba ya siku hizo za kulala ilikuwa inakatwa kwenye malipo ya pili ya mkulima.

Upande wa nje tulikaa na kadi mbili. Ya kwanza ni bei. Februari 2025 kahawa ya arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la Niuyoki, bei ya juu ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Warsha ilifanyika watu wakiwa na habari hizo masikioni, ndiyo maana iliandikwa kuwa fursa. Lakini wazee wa bodi hiyo hiyo wanakumbuka miaka ya 2001 na 2002, bei iliposhuka chini ya senti 50 kwa ratili na wengi wakaiacha mibuni ikawa kichaka. Bei ya dunia inapanda baridi kali ikipiga Brazili na inashuka mavuno yao yakirudi, na kijiji cha Moshi hakina mkono hapo. Mpango wa miaka mitano hauwezi kusimama juu yake. Tuliiandika kama hali ya nje inayoyumba, na kwenye fursa tukaweka kile kinachoweza kushikwa iwe bei iko juu au chini, yaani tofauti ya asilimia 18 kati ya kahawa ya mtambo na ya nyumbani.

Ya pili haikuwa kwenye warsha kabisa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na mnunuzi aweze kuonyesha kahawa imetoka shamba gani. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini kanuni haijafutwa, na Italia na Ujerumani ni miongoni mwa wanunuzi wa kahawa ya Tanzania. Kwa mtazamo wa haraka ni tishio. Ukiisoma kwa makini unakuta kwamba shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuonyeshwa kwa nukta moja ya GPS, na kihamba cha kawaida mlimani hakifiki hata hekta moja. Vihamba vimepandwa kahawa tangu enzi za mababu, suala la kukata msitu halipo. Kwa wanachama 486 wanaoleta kahawa, ni kazi ya vijana wachache wenye simu, na inaweza kufanywa wakati ule ule wa kusafisha rejesta. Tuliiandika kwenye vitisho kwa sharti: ni tishio iwapo chama hakitakuwa na nukta hizo wakati kanuni inaanza kutumika.

Tabianchi ilipunguzwa kutoka neno kubwa hadi jambo linalopimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulionyesha kuwa joto la usiku likipanda nyuzi 1 za Selsiasi, mavuno hupungua kama kilo 137 kwa hekta. Hilo lina uzito, hasa kwa vihamba vya chini ambako usiku tayari una joto zaidi kuliko vya juu. Ila haliwezi peke yake kubeba lawama ya mapokezi yanayoshuka, maana kwenye vihamba vingi mibuni ni mizee, ya aina za zamani kama N39, inayoshambuliwa na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Miche inayostahimili magonjwa hayo ipo kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI Lyamungu, huko huko Kilimanjaro. Kwa hiyo tabianchi ni tishio, mibuni mizee ni udhaifu, na miche ya Lyamungu ni fursa. Zikichanganywa kwenye kadi moja, hakuna atakayepanda mche.

Mambo yalipokuwa kwenye visanduku vyake, maamuzi hayakuhitaji mjadala mrefu. Udhaifu wa ghala ukikutanishwa na nguvu ya mtambo na fursa ya bei yake, hatua ya kwanza ya mpango ni lori kuondoka kila baada ya siku 14 bila kujali limejaa au la, kwa kushirikiana na chama jirani ambacho nacho kina kahawa ya mtambo isiyojaza lori. Magunia ya kila chama yanawekewa alama na kuorodheshwa kivyake, kila chama kinalipia uzito wake, na kahawa haichanganywi. Gharama kwa kilo inapanda kidogo pale lori lisipojaa. Mhasibu alipiga hesabu akaona nyongeza hiyo ni ndogo kuliko riba ya mkopo wa siku zinazookolewa. Hatua ya pili ni kupandisha sehemu ya kahawa inayopitia mtambo kutoka asilimia 30, na bodi ilikubali isianze mpaka ya kwanza ifanye kazi, kwa kuwa kumvuta mkulima aje kusubiri siku 56 ni kumfukuza.

Kilichobaki bila jibu ni wale tisa waliong'oa. Kama karibu theluthi ya wasioleta wameacha kahawa kabisa, baadhi yao kwa sababu kihamba kimegawanywa kwa watoto mpaka hakina nafasi, hakuna ratiba ya lori itakayowarudisha. Bodi ilitaka kuiacha nje kwa kuwa haina suluhisho. Ikakubaliwa ibaki kwenye vitisho, pamoja na tahadhari ya ukubwa wa sampuli, na hesabu ya mibuni iliyosimama ifanywe vijana wakipita kuchukua nukta za GPS.

Jedwali lililokwenda mkutano mkuu lina safu ambayo rasimu ya kwanza haikuwa nayo. Kila sentensi ina daftari lake, mtu anayelitunza, na tarehe ya kusomwa tena. Ile ya ghala ina jina la cheo cha karani, na itasomwa msimu ukifungwa, kwa tarehe zile zile za stakabadhi na hati za kusafirishia. Kama wastani hautakuwa umeshuka chini ya siku 20, chama jirani kitaitwa mezani kabla ya msimu mwingine kufunguliwa.